Kati ya Notisi ya Mgomo na Siku ya Kufutwa kwa Ndege

Jumamosi tarehe 28 Juni 2025 nilikuwa Barcelona kwa kazi, nikiwa na tiketi ya kwenda Montreal kupitia Paris siku ya Ijumaa tarehe 4 Julai, na asubuhi yake Jumamosi mdogo wangu alikuwa anafunga ndoa. Jioni hiyo nilisoma kwamba UNSA-ICNA, chama cha pili kwa ukubwa cha waongoza ndege wa Ufaransa, kilikuwa kimetoa notisi ya mgomo wa siku mbili, tarehe 3 na 4 Julai, kikilalamikia uchache wa wafanyakazi na namna wanavyosimamiwa kazini. Sikupiga simu popote usiku huo na sikununua tiketi nyingine. Nilichukua karatasi nikaandika saa na siku, kwa sababu miaka michache kabla ya hapo niliwahi kukurupuka katika hali kama hiyo na nikalipa gharama kubwa kwa kutojua mambo mawili matatu ambayo ningeweza kuyajua mapema.

Nitaanza na kosa hilo la zamani, kwa kuwa ndilo lililonifundisha namna ya kuisoma tiketi. Nilikuwa na tiketi moja yenye vipande vinne, yaani ndege fupi ya kuanzia, ndege ndefu ya kuunganisha, na vipande viwili vya kurudi. Wapakia mizigo wa uwanja wa kwanza walitangaza mgomo. Kwa hofu ya kuikosa ndege ndefu, niliamua kusafiri kwa treni hadi mji wa pili na kuipanda huko, nikidhani kwamba kukiacha kipande cha kwanza ilikuwa hasara yangu mwenyewe isiyomhusu mtu mwingine. Nilipofika kwenye kaunta niliambiwa kwamba sina tiketi. Kumbe abiria asipojitokeza kwenye kipande cha kwanza, mfumo wa shirika la ndege humhesabu kuwa amejiondoa safarini, na vipande vyote vinavyofuata, pamoja na vile vya kurudi, hufutwa vyenyewe. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ile ndege fupi niliyoikimbia iliruka siku hiyo, ikiwa imechelewa saa moja tu, kwa hiyo sikuwa na dai lolote la kisheria. Nilikuwa nimeikatisha safari yangu kwa mkono wangu.

Tangu hapo, ninapopata taarifa ya mgomo, swali langu la kwanza ni hili: ni nani anayegoma? Wakigoma marubani au wahudumu wa shirika fulani, ndege zilizo hatarini ni za shirika hilo, na abiria wa mashirika mengine hawana sababu kubwa ya kuhangaika. Wakigoma wapakia mizigo au wakaguzi wa usalama, tatizo hubaki kwenye uwanja mmoja, na mara nyingi ndege huruka bila mabegi au ikiwa imewaacha watu kwenye foleni, hivyo anayesafiri na begi la mkononi pekee huwa na nafuu. Lakini wakigoma waongoza ndege, jambo hilo ni la anga nzima, na huwagusa hata watu ambao hawana mpango wa kutua katika nchi hiyo. Ukichora mstari kutoka Barcelona kwenda London, Brussels au Amsterdam, mstari huo hupita juu ya Ufaransa karibu safari nzima, na ndege yoyote inayopita humo huhudumiwa na vituo vya kuongoza safari za anga vya nchi hiyo, kama vile vya Bordeaux, Brest, Reims na Marseille.

Waongoza ndege wakipungua katika kituo kimoja, idadi ya ndege zinazoruhusiwa kuingia kwenye anga yake kwa saa hupunguzwa. Ulaya ina chombo kimoja, Eurocontrol, kinachopanga mtiririko huo, na badala ya kuziacha ndege zizunguke angani zikisubiri, huzipa muda maalumu wa kuruka zikiwa bado chini. Muda huo una dirisha la dakika 15 tu, kuanzia dakika 5 kabla ya saa iliyopangwa hadi dakika 10 baada yake, na rubani akilikosa hulazimika kuomba upya. Hii ndiyo sababu abiria hujikuta wamekaa ndani ya ndege iliyofungwa milango, hali ya hewa ni nzuri na injini ni nzima, lakini hawaondoki. Ndege moja hufanya safari nne au tano kwa siku, hivyo saa moja ya kuchelewa asubuhi hukua kuwa saa tatu au nne jioni. Mwisho wake wahudumu hufikisha ukomo wa saa zao za kazi, au uwanja unaokaribia kufungwa usiku huacha kupokea ndege. Orly, kwa mfano, haipokei ndege za kawaida baada ya saa 5:30 usiku. Kwa hiyo siku ya mgomo wa aina hii ndege ya alfajiri, ile iliyolala uwanjani tangu jana yake, ina nafasi nzuri zaidi ya kuruka kuliko ndege ya jioni yenye nauli nafuu.

Jambo la pili nililoliandika kwenye karatasi ile lilikuwa saa ya sheria. Katika utumishi wa umma wa Ufaransa chama kinatakiwa kutoa notisi siku tano kamili kabla ya mgomo, na hilo ndilo lililotufanya tujue mapema. Lakini notisi hiyo haisemi ni wangapi watakaogoma. Hapo ndipo inapoingia sheria ya Desemba 2023, inayomtaka kila mwongoza ndege anayekusudia kugoma atoe taarifa binafsi, mwisho saa 6 mchana, siku mbili kabla. Kabla ya sheria hiyo mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, DGAC, ilikuwa ikikisia tu. Sasa mchana wa siku ya pili kabla ya mgomo huwa na hesabu mkononi, na baada ya hapo huyaagiza mashirika yapunguze safari kwa asilimia fulani katika viwanja fulani. Kwa Alhamisi tarehe 3 saa hiyo ilikuwa Jumanne mchana, na kwa Ijumaa yangu ilikuwa Jumatano mchana.

Ukishaijua saa hiyo, mpangilio wa mambo yote yanayofuata unaonekana. Kabla ya asilimia kutangazwa, ndege zote bado zinaonekana zipo na viti vinapatikana, lakini shirika halidaiwi chochote kwa kuwa halijafuta kitu. Baada ya asilimia kutangazwa, ndege zinafutwa na haki za abiria zinaanza kufanya kazi, lakini viti vimekwisha, kwa sababu maelfu ya watu wanavigombea kwa saa zile zile. Mara nyingi kuna kipindi kifupi katikati, pale shirika la ndege, kwa kuhofia foleni za baadaye, linapowaruhusu wenye tiketi za siku za mgomo kubadilisha tarehe bila kulipa tozo wala tofauti ya nauli. Tangazo hilo haliji kwa kila mtu kwa barua pepe. Aghalabu huwekwa kimya kimya kwenye ukurasa wa taarifa za safari wa shirika, likiwa na masharti yake: tiketi iwe imekatwa kabla ya tarehe fulani, safari iwe kati ya miji ile ile, na tarehe mpya iwe ndani ya siku chache zilizotajwa. Mimi ninakiona kipindi hicho kuwa ndiyo nafasi pekee ambayo abiria ana uhuru wa kuchagua na pia ana kiti cha kuchagua.

Kwa hiyo Jumapili nilijiandaa tu. Nilitazama jinsi tiketi yangu ilivyokuwa hatarini, nikaona kwamba hatari haikuwa kwenye ndege ndefu ya Paris kwenda Montreal. Shirika likiagizwa kupunguza sehemu ya safari zake, lenyewe ndilo linalochagua zipi ziondoke, na ni kawaida kuzilinda ndege za masafa marefu, ambazo huwa moja au mbili kwa siku, na kukata zile fupi zinazokwenda mara nyingi kwa siku, kwa kuwa abiria wa ndege ya saa 4 wanaweza kusukumwa kwenye ndege ya saa 8. Barcelona na Paris ni njia ya aina hiyo hasa. Nilikuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa na ndege nzuri inayonisubiri Paris huku nikiwa sina njia ya kuifikia.

Kisha nikaorodhesha njia mbadala, kila moja na namba ya ndege, tarehe na saa, kwa kuwa mhudumu wa simu mwenye watu mia kwenye foleni hatafuti, anathibitisha tu. Njia ya kwanza ilikuwa kuondoka Jumatano tarehe 2 kupitia Paris kama ilivyokuwa, siku moja kabla ya mgomo. Ya pili ilikuwa kupitia Lisbon siku ya Ijumaa, kwani kutoka Barcelona kwenda Lisbon na kisha kuvuka Atlantiki hakuna haja ya kuingia anga ya Ufaransa. Ya tatu ilikuwa Jumapili tarehe 6, ambayo kwangu haikufaa kwa sababu ya harusi. Hata isingekuwa harusi, ningeiogopa siku ya kwanza na ya pili baada ya mgomo kuliko siku inayoutangulia. Mgomo ukiisha, ndege na wahudumu huwa wamelala katika viwanja ambavyo havikupangwa, na viti vichache vilivyobaki vinagombewa na waliokwama. Isitoshe, mwisho huo wa wiki ndipo likizo ndefu za shule za Ufaransa zilipokuwa zinaanza, na ndege zilikuwa zimejaa tangu zamani.

Jumatatu jioni ruhusa ya kubadilisha ilitokea kwenye ukurasa wa shirika langu. Njia ya Lisbon ilianguka papo hapo, kwa kuwa ruhusa ilihusu ndege za shirika lile lile pekee, na kabla ndege haijafutwa sikuwa na msingi wa kudai nipelekwe na shirika jingine. Ilibaki Jumatano. Gharama yake kwangu ilikuwa kuikosa siku ya mwisho ya kikao cha kazi na kulipa siku mbili zaidi za malazi Montreal, fedha ambazo hakuna ambaye angenirudishia, kwa sababu nilihama kwa hiari yangu. Nililipima hilo dhidi ya harusi na sikusita.

Hatua iliyofuata ndiyo ambayo watu wengi huiruka. Nilipobadilisha kwenye programu ya simu, ratiba mpya ilionekana mara moja, ikiwa na ile bukingi yangu ya herufi na tarakimu sita. Lakini bukingi ni nafasi iliyoshikwa tu. Tiketi ni namba nyingine, yenye tarakimu 13, na safari ikibadilishwa inatakiwa kutolewa tena ili vipande vyake vilingane na ratiba mpya. Wakati wa misukosuko, ambapo mabadiliko ni mengi, hutokea nafasi ikahamishwa na tiketi ikabaki ya zamani, na abiria hugundua hilo kwenye kaunta, saa moja kabla ya kuruka, mbele ya mtumishi asiyeweza kumsaidia. Nilisubiri saa mbili bila kupata risiti mpya ya tiketi, ndipo nikapiga simu.

“Nafasi yako ipo, dada, usiwe na wasiwasi,” mhudumu aliniambia.

“Nashukuru, ndugu yangu. Naomba unisomee namba ya tiketi, na uniambie kama vipande vyote vinne vipo wazi kwa matumizi.”

Alinyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba tiketi ilikuwa haijatolewa upya. Alilimaliza jambo hilo nikiwa bado kwenye simu, na barua pepe yenye namba mpya ikaingia kabla hatujaagana. Nilimwomba pia ahakikishe kwamba safari ya kurudi haikuguswa, nikiikumbuka ile kaunta ya miaka ya nyuma.

Mwenzangu wa kazini alikuwa na ndege zile zile za Ijumaa, akienda kwenye mafunzo yaliyoanza Jumatatu tarehe 7. Nilimweleza Jumatatu jioni ile ile. Aliona kwamba kukimbia ni mapema mno, na sababu yake haikuwa ya kijinga: chama kikubwa zaidi cha waongoza ndege hakikuwa kimejiunga na mgomo, na migomo mingine huondolewa dakika za mwisho. Alitaka kusubiri hesabu itoke. Ilipotoka, DGAC iliagiza safari za Paris zipunguzwe kwa asilimia 25 siku ya Alhamisi na asilimia 40 siku ya Ijumaa, na za Nice kwa asilimia 50. Alipata ujumbe kwamba ndege yake fupi imefutwa, ile ndefu ipo, na mfumo ulikuwa umempangia safari mpya ya Jumatatu.

Alinipigia simu akitaka kupanda treni kwenda Paris, mwendo wa karibu saa saba, ili aiwahi ndege ndefu. Nilimsihi asikate tiketi ya treni kabla ya shirika kukiondoa kipande cha kwanza na kuitoa tiketi upya ikianzia Paris, maana vinginevyo yangempata yaliyonipata mimi. Alikuwa amekata tiketi kupitia wakala, hivyo shirika lilimrudisha kwa wakala na wakala akamrudisha kwa shirika. Kwa kawaida shirika likishafuta ndege lenyewe, linalazimika kumshughulikia abiria bila kujali alikokata tiketi, na baada ya kulisema hilo mara ya tatu alikubaliwa. Wakati huo treni zote za Alhamisi na za Ijumaa asubuhi zilikuwa zimejaa. Akaikubali safari ya Jumatatu.

Siwezi kusema kwamba kila mgomo unastahili kukimbiwa namna hii. Tofauti za nchi ni kubwa. Italia, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 1990 ya migomo katika huduma muhimu, na kwa upande wa anga ndege zilizopangwa kuondoka kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, na kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku, hulindwa hata siku ya mgomo. Tena kuanzia tarehe 27 Julai hadi tarehe 5 Septemba migomo ya usafiri wa anga hairuhusiwi kabisa. Wizara ya uchukuzi ya huko huweka hadharani orodha ya migomo iliyotangazwa, na ninapokata tiketi ya kupita Italia huifungua orodha hiyo kwanza, kisha nachagua ndege iliyo ndani ya saa hizo, hata kama nauli yake iko juu kidogo. Mara mbili nimebaki na ndege yangu katikati ya mgomo wa saa 24 bila kubadilisha chochote, na mara zote mbili niliruka. Kwa njia zinazokatiza anga ya Ufaransa sina kinga kama hiyo ya saa, hivyo kinga yangu ni tiketi moja inayobeba safari nzima. Anayenunua tiketi mbili tofauti ili kuokoa fedha akumbuke kwamba ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halimjui. Na anayetegemea bima aikate siku anayokata tiketi, kwa sababu bima nyingi hazilipi mgomo uliokwisha kutangazwa kabla ya kununuliwa.

Nilifika Montreal Jumatano, nikalala, nikamsaidia mdogo wangu kwa siku mbili ambazo sikuzipanga. Mwenzangu alibaki Barcelona kwa usiku wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na aliikosa siku ya kwanza ya mafunzo. Kwa kuwa safari ilianzia Umoja wa Ulaya, kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ilimlinda. Angeweza kuchagua kurudishiwa nauli ndani ya siku saba badala ya kusafirishwa, na kwa kuwa alichagua kusafirishwa, hoteli na chakula vilikuwa juu ya shirika hadi siku ya kuondoka, hata ingawa mgomo haukuwa wa wafanyakazi wake. Uwanjani hakupewa hoteli, kwa kuwa zilikuwa zimejaa, hivyo alijilipia mahali pa bei ya wastani, akatunza kila risiti, na akaandika pia jina la kaunta na saa aliyoombea msaada. Shirika lilimrudishia fedha hizo baada ya wiki sita na barua mbili.

Aliomba pia fidia ya euro 600, ambayo ni kiwango cha safari za zaidi ya kilomita 3,500, na hiyo akanyimwa. Alikasirika na kuniuliza kama akate rufaa. Nilimwambia ukweli kama ninavyoujua: mgomo wa waongoza ndege huhesabiwa kuwa ni tukio lililo nje ya uwezo wa shirika, kwa hiyo hapo shirika lilikuwa sahihi. Kama wangegoma marubani wa shirika lenyewe wakidai mishahara, jibu lingekuwa jingine, kwa sababu Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Machi 2021 kwamba mgomo wa namna hiyo ni sehemu ya kawaida ya uendeshaji wa shirika na hauliepushi kulipa. Barua ya rufaa aliyokuwa amekwisha kuiandika aliifuta, akabaki na zile risiti za hoteli zilizolipwa.